Kufanya Nini, Siku Ngapi, Nani Analipa

Chuo kikuu kimoja nchini Ujerumani kinamwalika mhifadhi wa makumbusho kutoka Tanzania. Barua, ikiwekwa kwa Kiswahili, inasomeka hivi:

"Kwa yeyote anayehusika. Tunayo furaha kubwa kumwalika Bi. Fulani kutembelea idara yetu katika muhula wa kiangazi, kwa ajili ya kubadilishana ujuzi na kuimarisha ushirikiano wa kitaaluma kati ya taasisi zetu mbili. Akiwa hapa atafanya kazi na watafiti wetu katika mradi wa pamoja. Ziara itachukua takribani wiki sita. Gharama zake zitashughulikiwa. Tutashukuru akipatiwa viza na msaada wowote atakaouhitaji."

Barua hii nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya makala haya, lakini aliyewahi kukaa kwenye benchi la ubalozi akiwa na bahasha mapajani ataitambua. Haina uongo wowote. Ina nembo ya chuo, ina saini ya profesa, na aliyeiandika alikuwa na nia njema kabisa. Kasoro yake ni kwamba ukimaliza kuisoma bado hujui mgeni anakwenda kufanya nini, anaingia lini na kutoka lini, wala pesa zinatoka mfukoni mwa nani.

Mialiko ya namna hii si haba. Makumbusho na vyuo vya Ujerumani vimehifadhi vitu vingi vilivyotoka Tanzania bara zama za utawala wa Kijerumani, tangu miaka ya 1880 hadi Vita Kuu ya Kwanza, na rejista zake mara nyingi zina majina yaliyokosewa, matumizi ya kubahatisha na mahali palipoandikwa kwa mkato. Ndiyo maana wanaitwa watu wanaovijua vitu hivyo kwa macho na kwa mikono. Mwaliko wa kazi nzuri kama hiyo unaweza kukwama dirishani kwa sababu ya sentensi tano za upole.

Viza anayoomba mgeni huyu ni ile ya muda mfupi ya Schengen, inayomruhusu mtu kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180 katika nchi 29 za eneo hilo. Akitaka kukaa zaidi ya hapo anaingia kwenye viza ya kitaifa, ambayo ina masharti yake na barua ya aina nyingine. Hii ya muda mfupi inaongozwa na Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya ya 2009, iliyofanyiwa marekebisho 2019. Kanuni hiyo inamtaka mwombaji aonyeshe madhumuni ya safari, mahali atakapolala, fedha za kujikimu, na dalili za kwamba ataondoka muda ukiisha.

Ombi likikataliwa, jibu haliji kama barua ya maelezo. Linakuja kwenye fomu moja inayotumika kote Schengen, yenye sababu zilizochapwa tayari, na afisa anatia alama kwenye kisanduku. Kisanduku kimoja kinasema madhumuni na mazingira ya ukaaji hayakuthibitishwa. Kingine kinasema hakuna uthibitisho wa fedha za kutosha. Kingine kinasema kuna mashaka ya msingi kuhusu nia ya mwombaji kuondoka kabla viza haijaisha. Barua yetu inamwachia afisa nafasi kwenye visanduku viwili vya kwanza, na cha tatu hufuata chenyewe, maana mtu ambaye haijulikani anakwenda kufanya nini ni vigumu kuamini kwamba ana siku ya kumaliza.

Zamani aliyenyimwa viza na ubalozi wa Ujerumani aliweza kuuandikia ubalozi huohuo, akaongeza vielelezo na kuomba ombi lake lipitiwe upya bila malipo. Tangu tarehe 1 Julai 2025 utaratibu huo umefutwa. Kilichobaki ni kuomba upya na kulipa ada upya, ambayo kwa mtu mzima ni euro 90, au kufungua kesi katika mahakama ya utawala mjini Berlin. Sasa maelezo yote lazima yawe yamekaa sawa mara ya kwanza.

Anakwenda kufanya nini

"Kubadilishana ujuzi" na "kuimarisha ushirikiano" ni maneno ya ripoti za mwaka. Afisa hawezi kuyaona yakitendeka. Anachoweza kukiona ni mtu anayeingia kwenye stoo saa tatu asubuhi, anatoa kikapu kwenye boksi, anakilinganisha na kadi yake na kuandika kwamba hiki si cha kubebea nafaka kama kadi inavyodai, ni chujio la pombe. Barua inapaswa kuandika kitendo hicho, kwa vitu gani, na kwamba mwishoni kutatoka nini. Sentensi mbili zinatosha. Akiongezewa ratiba ya ukurasa mmoja inayoonyesha wiki kwa wiki, afisa hana cha kubuni.

Kuna na swali la pili ambalo waandishi wengi wa barua hizi hawalioni, nalo limejificha ndani ya "atafanya kazi na watafiti wetu". Kwa profesa hayo ni maneno ya heshima, ya kumwita mgeni mwenzake. Kwa afisa wa viza yanaibua suala la ajira, na ajira ina vibali vyake. Je, mgeni ataajiriwa na chuo? Atalipwa ujira? Anajaza nafasi ya mtu? Ikiwa hapana, barua iseme hapana kwa maneno yaliyo wazi: hataajiriwa, hatalipwa ujira, anaendelea kuwa mtumishi wa makumbusho yake, na mshahara wake unaendelea kutoka huko. Sentensi hiyo moja inajibu mambo mawili kwa mpigo, kwa sababu mtu ambaye mshahara wake unaingia Tanzania kila mwezi ana sababu ya kurudi Tanzania.

Na ikiwa ndiyo, yaani kuna ujira, usiufiche kwa kuuita jina jingine. Mwenyeji aulize mapema ni kibali gani kinachohitajika. Barua inayoita mshahara posho itagongana na mkataba ambao mgeni mwenyewe ataombwa auonyeshe.

Siku ngapi

"Muhula wa kiangazi" katika vyuo vikuu vya Ujerumani unaanza Aprili na kuisha Septemba. Ni nusu mwaka mzima. "Takribani wiki sita" ndani ya nusu mwaka ni sawa na kusema hujaamua. Lakini hata wenye tarehe kamili huziharibu katika kuhesabu, na hapa inafaa tukae kidogo.

Tuseme mgeni wetu anapanda ndege Dar es Salaam jioni ya tarehe 4 Mei 2026 na kutua Frankfurt asubuhi ya tarehe 5. Anaondoka Frankfurt jioni ya tarehe 13 Juni. Schengen huhesabu siku ya kuingia kuwa siku ya kwanza na siku ya kutoka kuwa siku ya mwisho, zote mbili zikiwemo. Kuanzia tarehe 5 hadi 31 Mei ni siku 27. Juni ni siku 13. Jumla 40. Anayetoa tarehe kwa tarehe, kama tulivyofundishwa hesabu, hupata 39, na hiyo ni idadi ya usiku atakaolala, si idadi ya siku. Barua ikisema siku 39, bima ikakatwa ya siku 39 na tiketi ikaonyesha siku 40, afisa ana karatasi tatu zisizopatana kabla hajauliza swali lolote. Na "wiki sita" ni siku 42, hesabu ya tatu isiyolingana na nyingine.

Siku ya kuondoka Dar es Salaam haimo, kwa sababu mgeni bado hajavuka mpaka wa Schengen. Ikiwa anaunganisha ndege Amsterdam, mpaka anauvukia pale, maana Uholanzi ni Schengen, na siku zinaanza kuhesabiwa pale. Akiunganisha Doha au Addis Ababa, zinaanza atakapotua Ujerumani.

Tarehe zinabeba pia swali la mara ngapi ataingia. Kwenda kumwona ndugu Amsterdam mwisho wa wiki hakuhitaji kuingia mara ya pili, maana hajatoka Schengen. Kwenda London kunahitaji. Uingereza haimo, na mwenye viza ya kuingia mara moja akienda huko, mbali na viza ya Uingereza atakayotakiwa kuwa nayo, viza yake ya Schengen imeisha kazi siku aliyotoka. Kama ratiba ya mradi ina mkutano London, barua iutaje na iseme anahitaji kuingia mara mbili. Kama haina, iseme mara moja na yaishe.

Vipi ikiwa viza itachelewa? Wenyeji wengine huandika tarehe halafu wanaongeza "au tarehe nyingine yoyote itakayofaa", na hapo wameibomoa kazi yote. Ni afadhali kuandika kwamba ziara ikilazimika kusogezwa, itabaki siku 40 na itamalizika kabla ya tarehe 31 Julai 2026, na gharama zitalipwa vilevile. Hapo kuna nafasi ya kupumua, lakini ina ukuta.

Nani analipa

Hapa ndipo barua nyingi zinapokufa. "Gharama zake zitashughulikiwa" ni sentensi isiyo na mtendaji. Na nani? Chuo? Mradi? Profesa mwenyewe? Shirika la tatu linalotoa ruzuku? Na gharama zipi? Mwenyeji wa Kijerumani anaweza kuwa na maana ya nauli na chumba tu, akaamini kwamba chakula ni cha mgeni, na mgeni akaamini kwamba kila kitu kimo. Nimeona watu wawili waaminifu wakisoma sentensi ya namna hiyo na kila mmoja akaondoka na bajeti yake.

Dawa ni kuzitaja gharama moja moja. Kwa safari kama hii ni tano: nauli ya ndege kwenda na kurudi, malazi, chakula na mahitaji ya kila siku, bima, na usafiri wa ndani. Kila moja iwe na mlipaji, na inapowezekana iwe na kiasi. Posho ya euro 35 kwa siku kwa siku 40 ni euro 1,400, na barua iandike hesabu yote mitatu, kwa sababu "posho ya kutosha" haizidishwi na kitu. Kanuni ya Viza yenyewe inamwelekeza afisa apime fedha kwa kuangalia urefu wa ukaaji, madhumuni yake na bei za malazi na chakula mahali anakokwenda mgeni. Chumba cha wageni cha chuo kikiwa kimelipiwa usiku wote 39, euro 35 za kila siku ni za chakula na basi, na hesabu inasimama. Chumba kisipotajwa, euro zilezile 35 zinaonekana ni za kulala pia, na hapo hakuna mji wa Ujerumani zitakapotosha.

Bima ina kiwango chake kisheria: isipungue euro 30,000, ifanye kazi katika nchi zote za Schengen, igharamie matibabu ya dharura na hospitali, pamoja na kumrudisha mtu nyumbani akiugua au mwili wake akifariki. Nani ananunua, mwenyeji au mgeni? Ukiwaacha wasiulizane, hanunui mtu, au wananunua wote wawili.

Ila jambo linalowaumiza watu zaidi ni wakati wa malipo. Vyuo vingi hulipa kwa kurejesha: mgeni atoe kwanza, alete risiti, halafu alipwe baada ya wiki kadhaa. Kwa mhasibu wa chuo hiyo ni "tunalipa". Kwa mgeni ni kutafuta nauli ya Ulaya kabla hajalipwa hata senti. Na kwa afisa wa viza ina maana kwamba fedha zinazotakiwa kuonekana ni za mgeni, kwa hiyo ataifungua taarifa yake ya benki ya miezi ya karibuni. Hapo ndipo watu wanapokimbilia kukopa na kuweka kitita kwenye akaunti wiki moja kabla ya miadi. Kitita hicho kinaonekana kwenye taarifa, tarehe yake ikiwa kando yake, na kinazua maswali ambayo barua nzuri ingeyazuia. Basi barua iseme: tiketi itanunuliwa na chuo moja kwa moja, chumba kitalipwa na chuo moja kwa moja, posho itatolewa siku ya kwanza. Ikiwa chuo hakiwezi kufanya hivyo, iseme kwamba kitarejesha, na mgeni ajue mapema kwamba taarifa yake ya benki ndiyo itakayobeba mzigo.

Gharama zikigawanywa, zigawanywe hadharani. Hakuna aibu makumbusho ya Tanzania yakilipa ada ya viza na nauli ya kufika uwanja wa ndege, na chuo kikalipa yaliyobaki. Barua mbili, moja ya mwenyeji na moja ya mwajiri, zitaje mgawanyo uleule.

Ahadi ya pesa inahitaji pia mtu mwenye mamlaka ya kuitoa. Profesa anaweza kueleza kazi vizuri kuliko yeyote, lakini katika vyuo vingi hawezi kukifunga chuo kulipa. Saini ya msimamizi wa fedha au mkuu wa utawala ikikaa kando ya ile ya profesa, pamoja na simu ambayo mtu ataipokea na si mashine, barua inaacha kuwa salamu na inakuwa ahadi. Ujerumani ina pia hati rasmi ya dhamana, ambayo mtu huisaini mbele ya ofisi ya wageni na kujifunga kulipa matumizi ya mgeni, hata matibabu na gharama za kumwondosha nchini. Hiyo hutumika zaidi pale mwenyeji ni mtu binafsi, na barua ya mwaliko haichukui nafasi yake. Mwenyeji aangalie orodha ya ubalozi kama inatakiwa.

Barua ileile, imeandikwa upya

Kwa hayo yote, barua ya pili haiwi ndefu sana. Inabaki ukurasa mmoja. Ubalozini itapelekwa kwa Kijerumani au Kiingereza, lakini maudhui ni haya:

"Kwa: Ubalozi wa Ujerumani, Dar es Salaam, Kitengo cha Viza.

Yah: Mwaliko wa Bi. (majina yote kama yalivyo kwenye pasipoti), aliyezaliwa tarehe (…), pasipoti ya Tanzania namba (…).

Tunamwalika Bi. (…), mhifadhi katika Makumbusho ya (…), kuja katika hifadhi ya chuo chetu kuanzia tarehe 5 Mei hadi 13 Juni 2026, jumla siku 40, siku ya kufika na ya kuondoka zikiwemo. Anahitaji kuingia mara moja. Ziara ikilazimika kusogezwa, itabaki siku 40, itamalizika kabla ya tarehe 31 Julai 2026, na ahadi zilizomo humu zitabaki vilevile.

Atakagua vikapu, vyombo vya mbao na shanga, jumla vitu 64, vilivyoletwa hapa kutoka Tanzania kabla ya mwaka 1918. Atalinganisha kila kitu na maelezo ya rejista yetu na kusahihisha jina, matumizi na mahali kilikotoka. Tarehe 9 Juni atawasilisha matokeo katika semina ya idara. Ratiba ya kila wiki imeambatanishwa. Hataajiriwa na chuo wala kulipwa ujira. Anaendelea kuwa mtumishi wa makumbusho yake, ambayo yanamlipa mshahara wake kipindi chote.

Chuo kitanunua tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi kati ya Dar es Salaam na Frankfurt pamoja na tiketi za treni, na bima ya safari ya siku 40 yenye kiwango kisichopungua euro 30,000. Chuo kitalipia chumba katika nyumba yetu ya wageni, (anwani), usiku 39. Chuo kitampa posho ya euro 35 kwa siku, jumla euro 1,400, siku atakayofika. Fedha hizi zimetengwa katika bajeti ya mradi. Ada ya viza na usafiri wa ndani ya Tanzania vitalipwa na makumbusho yake.

Kwa ufafanuzi, tafadhali wasiliana na (jina, cheo, simu ya moja kwa moja, barua pepe).

Saini: profesa mwenyeji, mkuu wa utawala."

Tazama kilichotoka. Furaha kubwa imetoka, sifa zimetoka, na ombi la kumpa mgeni viza limetoka pia, kwa sababu anayeomba viza ni mgeni kwa fomu yake, na mwenyeji kazi yake ni kushuhudia. Kuna kitu kingine ambacho wenyeji hupenda kukiweka na ambacho nimekiacha makusudi: "tunathibitisha kwamba atarudi nyumbani." Profesa wa Ujerumani hawezi kulithibitisha hilo. Anayeweza ni mwajiri wa Tanzania, kwa barua inayosema mgeni ameajiriwa tangu lini, amepewa ruhusa ya siku ngapi, na anatarajiwa kurudi kazini tarehe ngapi. Mwenyeji akiahidi asichokimiliki, anapunguza uzito wa yale anayoyamiliki.

Jina nalo lina mambo yake kwetu. Vyeti vina majina mawili, pasipoti ina matatu, na kazini mtu anaitwa kwa la baba mkwe. Barua ifuate pasipoti, herufi kwa herufi, hata kama pasipoti ndiyo iliyokosea.

Ukitaka kujua kama barua imekamilika, mpe mtu asiyekujua pamoja na fomu tupu ya maombi ya viza, umwambie ajaze kwa kutumia barua peke yake. Fomu inauliza madhumuni, tarehe ya kufika, tarehe ya kuondoka, idadi ya kuingia, anwani ya mwenyeji na nani anagharamia. Penye gharama ina visanduku: mwombaji mwenyewe au mfadhili, na chini ya mfadhili kuna fedha taslimu, malazi, gharama zote, nauli iliyolipwa kabla. Kwa barua ya kwanza mtu huyo atakwama mwanzoni kabisa. Kwa ya pili atasita mahali pamoja tu: je, atie alama "gharama zote"? Hapana, kwa sababu ada na nauli ya ndani zinalipwa na makumbusho. Atie malazi, nauli na posho. Kukosea hapo ni rahisi, na ni kosa la fomu kupingana na barua iliyoandikwa vizuri.

Kuna ugumu wa kuomba barua nyingine kwa mtu mkubwa aliyekwisha kutoa moja kwa moyo safi. Wengi wetu huona ni utovu wa adabu kumrudishia profesa barua yake. Njia inayofanya kazi ni kumshukuru kwa ile ya kwanza, kumwambia kwamba ubalozi unataka tarehe na mgawanyo wa gharama viandikwe, na kumpelekea rasimu iliyojazwa, penye nafasi wazi tu zile namba anazozijua yeye. Vyuo vya Ulaya vimezoea jambo hilo, na wengi hushukuru kupunguziwa kazi. Ila usimjazie kiasi cha pesa. Acha aandike mwenyewe.

Kalenda ihesabiwe kurudi nyuma. Ombi linaweza kupelekwa kuanzia miezi sita kabla ya safari na lisichelewe chini ya siku 15. Kwa safari ya tarehe 5 Mei, dirisha linafunguka tarehe 5 Novemba na kufungwa tarehe 20 Aprili. Uamuzi kwa kawaida hutakiwa ndani ya siku 15, lakini unaweza kufika siku 45, kwa hiyo asiyetaka kukesha apeleke kabla ya tarehe 21 Machi. Miadi nayo ina foleni yake. Barua iliyo tayari Januari inaacha muda wa kusahihisha herufi moja ya jina.

Viza ikitoka, isomwe kabla pasipoti haijaingia mkobani. Kibandiko kina tarehe mbili za kuanzia na kuishia, na mahali pengine kina idadi ya siku. Tarehe hizo mara nyingi zimeongezewa siku 15 za akiba, kwa hiyo inaweza kuonekana viza inaishia tarehe 28 Juni huku idadi ya siku ikiwa 40. Anayeongoza ni idadi ya siku: mgeni atatoka tarehe 13 Juni kama barua ilivyosema, labda awe aliingia kwa kuchelewa. Ikiwa pameandikwa 30 badala ya 40, aulize siku hiyohiyo, akiwa na nakala ya barua mkononi. Na nakala nyingine iwe kwenye begi la mkononi siku ya safari, isiwe kwenye sanduku lililopimwa, kwa sababu viza peke yake haimpi mtu haki ya kuingia, na polisi wa mpakani Frankfurt anaweza kumuuliza yaleyale matatu.